Bango la siku ya utafiti: andika maneno ya mdomo kwanza

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari na vyuo, wa Malindi na majirani zake, walioambiwa walete bango siku ya utafiti. Kazi ya utafiti yenyewe imekwisha na vipimo viko kwenye daftari. Kilichobaki ni karatasi moja kubwa na dakika moja au mbili za kuieleza mbele ya jaji. Makundi mengi huanza kwa kufungua kompyuta, yakamwaga ripoti nzima ndani ya ukurasa, halafu usiku wa mwisho ndipo yanajiuliza yatasema nini. Matokeo yake ni bango lenye mengi ya kusoma na msemaji anayelisoma akiwapa watu mgongo. Mimi nashauri kinyume chake. Andika kwanza maneno utakayosema, kisha weka kwenye bango vile tu ambavyo maneno hayo yanavihitaji.

Nitafuata mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kundi la wanafunzi limeshirikiana na wavuvi wa malema kujua kama mwanya mwembamba ukiachwa kwenye kona ya lema utawaachia tasi wadogo watoke. Wazo lenyewe si geni, limeshajaribiwa na watafiti katika pwani ya Kenya. Lakini namba zote za mfano huu nimezitunga ili tupate kitu cha kufanyia kazi, kwa hiyo usizinukuu kama vipimo vya bahari ya Malindi.

Daftari la kundi letu linasema hivi. Malema 10 ya kawaida na malema 10 yenye mwanya wa sentimita 3 kwa 30 yalitegwa mahali pamoja na kuinuliwa siku zile zile, mara 12. Kila tasi alipimwa urefu, na aliye chini ya sentimita 20 akahesabiwa kuwa mdogo. Malema ya kawaida yalileta tasi wadogo 132 na wakubwa 108, jumla kilo 31. Yenye mwanya yalileta wadogo 46 na wakubwa 105, jumla kilo 23.

Kabla ya yote, uliza

Muulize mwalimu anayesimamia siku hiyo ukubwa wa bango na kama litasimama wima au litalala. Uliza pia litatundikwa wapi na kwa kutumia nini, litaandikwa lugha gani, na mtapewa dakika ngapi. Usikisie ukubwa. Ubao wa kutundikia ukiwa na upana wa sentimita 70, bango la A0 lenye upana wa sentimita 84.1 halitakaa, hata liwe zuri namna gani. Mfano wetu ni A1 wima, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1. Kwa siku ya shule, ukubwa huo unatosha kabisa.

Kuhusu lugha, shule nyingi hutaka bango la Kiingereza kwa sababu ya majaji, ilhali wageni watakaosimama kwako ni wazazi na wavuvi. Kanuni ikiwa hivyo, fuata kanuni kwenye karatasi na uzungumze Kiswahili kwa mdomo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka maandishi machache na picha inayojieleza.

Hatua ya kwanza: sentensi moja ya matokeo

Kaeni wote wa kundi mkiwa na karatasi tupu. Kila mmoja aandike peke yake sentensi moja inayojibu swali hili: tumepata nini? Asiandike mlichofanya wala mada yenu ilikuwa nini. Kisha someni kwa sauti. Kama sentensi zinapishana, jueni kwamba hamjakubaliana kuhusu utafiti wenu wenyewe, na ni afadhali mligundue hilo mkiwa wenyewe kuliko mbele ya jaji.

Katika mfano wetu, mmoja ataandika: "Asilimia ya tasi wadogo ilishuka kutoka 55 hadi 30." Mwingine ataandika: "Tasi wadogo walipungua kutoka 132 hadi 46." Sentensi zote mbili ni kweli, lakini haziingii akilini kwa namna moja. Anayesikia ya kwanza atadhani wadogo walipungua karibu nusu. Ukweli ni kwamba walipungua karibu thuluthi mbili. Asilimia inadanganya hapa kwa sababu jumla ya samaki nayo ilipungua. Kwa kuwa malema yalikuwa sawa kwa idadi na yaliinuliwa sawa, hesabu yenyewe inaweza kulinganishwa moja kwa moja, na ndiyo nyepesi kueleweka. Lau yangekuwa malema 10 upande mmoja na 6 upande wa pili, ingebidi mgawe kwanza mpate tasi kwa kila lema, ndipo mlinganishe. Fanyeni uamuzi huu mapema, kwa sababu kichwa, chati na maneno ya mdomo vyote vitabeba namba hizo hizo. Bango linalosema asilimia juu na hesabu chini humfanya msomaji aanze kupiga hesabu badala ya kukusikiliza.

Sentensi tuliyochagua ni hii: mwanya uliwaachia tasi wadogo karibu thuluthi mbili, na wakubwa karibu wote wakabaki.

Hatua ya pili: maneno ya dakika moja

Sasa andika utakayosema, neno kwa neno, kama unavyozungumza. Maneno mia moja hivi yanatosha dakika moja kwa mwendo usio wa kukimbia. Mpangilio ninaoupenda ni tatizo, mlichofanya, mlichopata, gharama au mpaka wake, kisha swali kwa msikilizaji. Kwa mfano wetu:

"Karibu. Lema la kawaida halichagui, tasi mkubwa anaingia na mdogo anaingia. Sisi tulitaka kujua, tukiacha mwanya wa sentimita tatu kwenye kona, nani atatoka? Tulitega malema kumi ya kawaida na kumi yenye mwanya, mahali pamoja, tukayainua mara kumi na mbili. Tazama hapa: wadogo walikuwa mia na thelathini na wawili, wakawa arubaini na sita. Wakubwa ni mia na wanane kwa mia na watano, karibu sawa. Lakini uzito ulishuka kutoka kilo thelathini na moja hadi ishirini na tatu. Kwa hiyo mwanya unafanya kazi, ila mvuvi anarudi na kilo nane pungufu, na sisi hatukupima kama siku za mbele zitamrudishia. Wewe nyumbani mnatumia lema gani?"

Tazama mambo mawili katika maneno hayo. La kwanza ni "tazama hapa". Mara moja tu katika dakika nzima, msemaji anapeleka kidole kwenye bango. Hapo ndipo penye chati, na kwa hiyo chati ndiyo itakayopewa nafasi kubwa kuliko vyote. La pili ni zile kilo nane. Kundi litashawishika kuzificha kwa sababu zinaonekana kuharibu habari nzuri. Usifanye hivyo. Mvuvi wa kwanza atakayesimama atauliza habari ya kilo kabla ya kitu kingine, na kama hazimo kwenye bango ataona mlikuwa mnamficha.

Yasemeni maneno hayo mbele ya mtu asiye wa kundi, saa ikiwa mkononi. Kisha mwambie akueleze alichosikia. Akisema "mnafanya mambo ya samaki na malema", maneno yenu hayajafika. Akisema "wadogo wanatoka, lakini kilo zinapungua", basi yamefika, na sasa mnaweza kufungua kompyuta. Au bado kidogo.

Hatua ya tatu: chora kwa mkono

Chukua karatasi ya A4, isimamishe wima, na uchore mistatili tu bila maneno. Bango la A1 lina umbo lile lile la A4, kwa hiyo mnachokiona kwenye karatasi ndicho kitakachotokea. Acha ukingo mtupu wa sentimita 3 za bango pande zote. Kwenye A4 hiyo ni kama sentimita moja.

Juu kabisa weka kichwa, mistari miwili. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, majina yenu, shule na mwalimu msimamizi. Halafu chati, ikichukua upana wote na karibu theluthi ya urefu wa bango. Chini ya chati gawanya nafasi katika safu mbili za upana wa sentimita 25 hivi kila moja, na baina yake uache sentimita 3. Safu ya kushoto ina mchoro wa lema na jinsi mlivyofanya. Ya kulia ina gharama, yaani kilo, na yale ambayo utafiti haukuyagusa. Mstari mmoja wa shukrani uwe chini kabisa.

Kwa nini chati juu na mbinu chini, wakati ripoti huanza na mbinu? Kwa sababu bango hutazamwa na mtu aliyesimama, pengine na watu mbele yake. Sehemu ya chini huzibwa na mabega na mabegi. Kilicho juu ndicho kitakachoonekana na aliye mita tatu nyuma, kwa hiyo weka hapo kile ambacho hutaki akikose. Anayetaka kujua mlitega namna gani atasogea mwenyewe.

Nafasi tupu isikutie hofu. Makundi mengi yakiona pembe wazi hutia nembo ya shule mara ya pili, au picha ya kundi zima limesimama ufukoni. Acha hapo patupu. Picha ya machweo kutandazwa nyuma ya maandishi ndiyo mbaya kuliko zote. Herufi nyeusi zikipita juu ya mawingu ya zambarau hazisomeki, na duka la chapa litakutoza wino mwingi bure.

Hatua ya nne: punguza maneno

Lenga maneno 200 hadi 250 kwa bango zima, pamoja na kichwa na maelezo ya chati. Hii hapa aya ya mbinu kama inavyotoka kwenye ripoti:

"Utafiti huu ulifanywa kwa kutumia jumla ya malema ishirini ambayo yaligawanywa katika makundi mawili, ambapo kundi la kwanza lilikuwa na malema kumi ya kawaida na kundi la pili lilikuwa na malema kumi yaliyokuwa yamewekewa mwanya wenye upana wa sentimita tatu na urefu wa sentimita thelathini, na malema yote yalitegwa katika eneo moja na kuinuliwa siku zile zile kwa mara kumi na mbili, ambapo samaki wote wa aina ya tasi walipimwa urefu wao kwa kutumia ubao wa kupimia."

Ni aya sahihi, na hakuna atakayeisoma akiwa amesimama. Chora lema kwa mstari mweusi, weka mshale kwenye kona, andika kando yake "mwanya, sm 3 × 30". Sehemu nzuri ya aya imeshakwisha. Kilichobaki kinaingia katika mistari mitatu:

"Malema 10 ya kawaida, 10 yenye mwanya.
Mahali pamoja, siku zile zile, mara 12.
Kila tasi alipimwa. Mdogo ni chini ya sm 20."

Hakuna taarifa muhimu iliyopotea. Kilichotoka ni "utafiti huu ulifanywa", "jumla ya", "ambapo" mbili na "lilikuwa na" mbili. Pitia kila aya kwa kuwinda maneno hayo, pamoja na "katika kuhakikisha kwamba" na "ni muhimu kutambua". Uzoefu wangu ni kwamba aya ya mwanafunzi hupungua nusu kabla hujagusa jambo lenyewe.

Vipo vya kuondoa moja kwa moja. Muhtasari hauna kazi kwenye bango, kwani bango lenyewe ni muhtasari. Historia ndefu ya uvuvi wa pwani iondoke. Malengo manne yenye nambari yaondoke, ibaki sentensi ya swali lenu. Kama kanuni za shule zinadai orodha ya vitabu, ichapishe kwenye karatasi ya A4 mkae nayo mkononi, au iwe kwa herufi ndogo chini kabisa.

Kichwa nacho kikatwe. "Uchunguzi wa athari za kuweka mwanya kwenye malema juu ya ukubwa wa samaki aina ya tasi wanaovuliwa Malindi" kinataja mada bila kusema kitu. Kiwe "Mwanya kwenye lema waachia tasi wadogo, wakubwa wabaki". Aliyepita bila kusimama ameshaondoka na matokeo yenu. Wapo walimu wasiopenda kichwa cha namna hii, wakiona kina haraka ya kudai. Hapo weka sentensi ya matokeo kama mstari mkubwa juu ya chati, kichwa rasmi kibaki juu.

Hatua ya tano: chati moja

Chati yetu ina jozi mbili za nguzo. Jozi ya kwanza ni wadogo, 132 na 46. Ya pili ni wakubwa, 108 na 105. Nguzo za lema la kawaida ziwe buluu nzito, za lema lenye mwanya ziwe rangi ya chungwa. Usitumie nyekundu na kijani kwa pamoja, maana wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi vizuri.

Mhimili wa wima uanze sifuri. Kompyuta ikiachiwa huru yaweza kuanza penginepo, kwa mfano 100 kama jozi ya wakubwa itachorwa peke yake, na tofauti ya samaki 3 itaonekana kama msiba. Andika namba juu ya kila nguzo, kisha ufute mistari ya nyuma, kwa sababu haina kazi tena. Andika "kawaida" na "yenye mwanya" chini ya nguzo zenyewe badala ya kisanduku cha rangi pembeni ambacho humlazimu msomaji kupeleka macho huku na huku. Nguzo zenye kivuli na unene, zile zinazoonekana kama masanduku, usiziguse. Kilele chake hakijulikani kiko wapi.

Kilo usizitie kwenye chati hiyo. Kilo na idadi ya samaki ni vipimo viwili tofauti, na ukivibandika pamoja utahitaji mhimili wa pili upande wa kulia, jambo linalowachanganya hata watu wazima waliosoma. Ziandike kama namba kubwa katika safu ya kulia: "kilo 31" na chini yake "kilo 23", kila moja na neno lake.

Hatua ya sita: kwenye kompyuta

Weka ukubwa wa ukurasa kabla ya kuandika chochote. Ukibadilisha baadaye, picha hutanuka na maandishi hukimbia. Kwenye PowerPoint nenda `Design > Slide Size > Custom Slide Size`, kwenye LibreOffice Impress ni `Slide > Slide Properties`. Upana 59.4, urefu 84.1.

Ukubwa wa herufi kwa A1 ninaopendekeza ni huu: kichwa pointi 80, vichwa vidogo 44, maandishi ya kawaida 30, maelezo ya picha yasishuke chini ya 24. Aina ya herufi iwe moja, isiyo na mikia, na mistari ipangwe kutoka kushoto. Ukilazimisha mistari ifike sawa pande zote mbili, maneno yetu marefu huacha mapengo makubwa katikati ya safu nyembamba.

Sasa kipimo cha kujua kama herufi zinatosha. Chapisha bango lote kwenye A4 moja. A4 ni ndogo kuliko A1 kwa karibu mara 2.8 kila upande, kwa hiyo herufi ya pointi 30 itatoka kama 10 na nusu, na ya 24 kama 8 na nusu. Ishike kwa urefu wa mkono. Kama unasoma kila neno bila kuisogeza, bango litasomeka na mtu aliyesimama mita moja na ushei. Kama maelezo ya picha yanakushinda, usiongeze mwanga, kata maneno mengine ili herufi zikue. Kioo cha kompyuta hakiwezi kukupa jibu hili kwa sababu unakuza na kupunguza bila kujua.

Picha zina mtego wake. Picha itakayochapishwa kwa upana wa sentimita 24 inahitaji kama pikseli 1,400 upande huo ili isitoke na ukungu. Simu nyingi za sasa hupiga zaidi ya hapo, lakini picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Mwambie mwenzako aitume kama faili, yaani `Document`, au mpokezane kwa waya. Kwenye PowerPoint ya Windows ingia pia `File > Options > Advanced` na uweke alama kwenye `Do not compress images in file`. Na kama picha inaonyesha uso wa mvuvi au mtoto, omba ruhusa kwanza, umwambie kwamba itatundikwa hadharani.

Ukimaliza, hifadhi kama PDF na ndiyo upeleke kuchapisha. Faili la PowerPoint likifunguliwa kwenye kompyuta ya duka isiyo na aina yako ya herufi, mistari itahama na hutajua mpaka karatasi imetoka.

Kuchapisha na kutundika

Mwambie mwenye duka achape kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Rangi zitatoka zimefifia kidogo kuliko kwenye kioo, hasa buluu na chungwa kali, kwa hiyo omba kipande cha majaribio cha chati kabla ya bango zima. Chagua karatasi isiyong'aa. Chini ya turubai uwanjani, karatasi ya kung'aa hurudisha jua na nusu ya chati haionekani. Na kama siku yenyewe inaangukia majira ya kusi na mtakuwa nje, afadhali plastiki ya benna yenye vitundu vya kamba juu na chini, kwani karatasi itapigwa na upepo mpaka ichanike kwenye pini. Makundi ya Lamu yanayochapisha Malindi au Mombasa yahesabu na safari. Likunjeni kama mkeka, maandishi yakiwa nje ili lisijikunje kuelekea ndani likitundikwa, mlitie ndani ya bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili. Maji ya chumvi ya kwenye boti kutoka Mokowe hayana simile na wino.

Hakuna pesa za duka kubwa? Karatasi nne za A3 zinafanya A1 moja. Kwenye Adobe Reader, dirisha la kuchapisha lina kitufe cha `Poster` kinachogawa ukurasa. Printa nyingi hazichapi mpaka ukingoni, kwa hiyo punguza `Tile Scale` kidogo mpaka karatasi ziwe nne tu. Maungio yatapita katikati ya bango, wima na mlalo. Ndiyo maana ule mwachano wa sentimita 3 baina ya safu mbili una faida, muungo wa wima unapita mahali pasipo na maandishi. Ule wa mlalo uko sentimita 42 kutoka juu, basi usogeze chati iishie kabla ya hapo. Tatizo ni kwamba chati yenyewe itakatwa na muungo wa wima, kwa hiyo acha pengo baina ya jozi mbili za nguzo papo hapo katikati. Kata ukingo mweupe kwa wembe na rula, uunganishe kwa gundi ya karatasi kwa nyuma.

Siku yenyewe

Simama kando ya bango, mkono wako wa kuonyeshea ukiwa upande wa chati, usilizibe. Mgeni akikaribia mwache asome kichwa kwanza, hesabu hadi tatu kimoyomoyo. Ukimrukia na hotuba wakati macho yake bado yako kwenye maandishi, hatasoma na hatasikia. Kisha msalimie kama inavyompasa, mzee ni shikamoo, na uulize, "Nikueleze kwa dakika moja?" Wengi hukubali, na wasiotaka wanaendelea bila aibu.

Sema yale maneno mia moja uliyoyaandika. Yatabadilika kidogo kwa kila mtu, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa jaji wa sayansi utachelewa zaidi kwenye jinsi mlivyolinganisha malema, na kwa mama anayeuza samaki utakwenda haraka kwenye kilo.

Tayarisheni majibu ya maswali ambayo lazima yaje. Jaji atauliza mlijuaje tofauti haikuletwa na mahali. Jibu lipo kwenye mistari mitatu ya mbinu: mahali pamoja, siku zile zile. Atauliza pia kwa nini sentimita 20, na mmoja wenu lazima ajue kipimo hicho kilitoka wapi na nani aliwashauri. Mvuvi atauliza lile jingine.

"Mwanangu, hizo kilo nane watanilipa nani?"

Usimwambie kwamba tasi walioachiwa watakua na kurudi kwake wakiwa wakubwa. Huenda ikawa hivyo, lakini hamkulipima hilo, malema yenu yaliinuliwa mara 12 tu katika msimu mmoja. Mjibu: "Hilo hatukulipima, mzee. Tulichopima ni nani anatoka na nani anabaki." Kisha mwulize tasi wa sentimita 18 sokoni anauzwa bei gani kwa kilo, na yule wa 25 bei gani. Chukua kalamu, andika anachosema pamoja na tarehe. Kama wadogo huuzwa kwa bei ya chini, zile kilo nane kwa pesa huenda zisifike robo ya mapato, na kundi litakaloshika kazi hii baada yenu litakuwa na pa kuanzia.